Mtungi mmoja, milinganyo mitatu: uchague upi gesi ikibanwa au ikipoa?

Tuseme una mtungi wa chuma wa lita 10. Ndani hamna kitu, hata hewa imenyonywa. Umeutumbukiza kwenye maji ya nyuzi 40 za Selsiasi ili joto lake lisiyumbe. Unautia kaboni dioksidi huku ukiupima kwenye mizani: kwanza gramu 177, kisha unaongeza hadi zifike gramu 1,130, mwisho unafikisha gramu 6,280. Kila hatua unasubiri joto litulie, halafu unasoma geji.

Swali ni hili: kabla ya kuisoma geji, mlinganyo upi ungekupa namba iliyo karibu na ukweli? Nimeikokotoa hatua zote tatu kwa milinganyo mitatu ambayo mtu hukutana nayo zaidi. Kanieneo ni kwa bar.

| Gesi mtungini | pV = nRT | Van der Waals | Peng-Robinson | Geji |
|---|---|---|---|---|
| 177 g | 10.5 | 10.1 | 10.0 | 10 |
| 1,130 g | 67 | 51 | 49 | 50 |
| 6,280 g | 372 | 209 | 111 | 100 |

(Geji nyingi huanzia sifuri kwenye kanieneo la hewa inayotuzunguka, kwa hiyo mtu lazima aongeze bar 1 hivi. Hapa nimeshaiongeza, namba zote ni kanieneo kamili.)

Jibu fupi linaonekana kwenye jedwali lenyewe. Mstari wa kwanza, tumia wowote. Wa pili, pV = nRT umekosea kwa theluthi nzima na van der Waals anatosha. Wa tatu, van der Waals naye amepotea, geji inaonyesha nusu tu ya alichotabiri. Lakini jedwali la kaboni dioksidi kwenye nyuzi 40 halitakusaidia ukipewa haidrojeni au mtungi uliolala nje kwenye baridi. Kuchagua kunataka ujue kosa linatoka wapi.

Uongo wa aina mbili ndani ya pV = nRT

Mlinganyo huu umejengwa juu ya gesi ya kubuni, ile inayoitwa gesi kamilifu. Molekuli zake hazina ukubwa, ni nukta tupu, kwa hiyo mtungi wa lita 10 unazipa lita 10 zote za kuzurura. Tena hazijuani: hazivutani, hazisukumani, zikigongana zinaachana kama hazikuwahi kukutana.

Mambo yote mawili si kweli kwa gesi yoyote iliyopo duniani. Ajabu ni kwamba mara nyingi haidhuru, na sababu ni nafasi. Kwenye nyuzi 0 na bar 1, ukiigawa nafasi sawasawa, kila molekuli inapata chumba cha mchemraba chenye upande wa nanomita 3.3 hivi. Molekuli ya kaboni dioksidi ina upana wa kama theluthi moja ya nanomita. Yaani chumba kina upana mara kumi ya mwenye chumba, na kwa ujazo ni mara elfu. Katika hali hiyo ukubwa wa molekuli hauna maana, na jirani yuko mbali mno kumvuta mwenzake.

Sasa rudi kwenye mstari wa tatu wa jedwali. Gramu 6,280 ndani ya lita 10 zinampa kila mmoja chumba chenye upande wa nanomita 0.49. Si chumba tena hicho, ni daladala saa ya kutoka kazini. Kila molekuli inagusana na majirani karibu wakati wote, na kusema hazina ukubwa wala hazijuani ni kuzungumzia kitu kingine kabisa.

Hiyo ndiyo sababu ya kanieneo kubwa kuharibu mambo: linaleta molekuli karibu. Kinachowachanganya wengi ni kwamba zikikaribiana yanatokea mambo mawili yanayovuta pande tofauti.

Mvutano unapunguza kanieneo. Molekuli inayoelekea ukutani ina wenzake nyuma na ubavuni lakini haina mwenzake mbele, kwa kuwa mbele ni chuma. Wale wa nyuma wanairudisha. Karibu na ukuta zinabaki chache kuliko ambazo zingekuwepo, na geji inasoma chini.

Ukubwa unaongeza kanieneo. Nafasi iliyokwisha kukaliwa na molekuli moja haikaliki na nyingine, kwa hiyo sehemu ya kuzurura ni ndogo kuliko ujazo wa mtungi, migongano ukutani inazidi, na geji inasoma juu.

Gesi moja kwa hiyo inaweza kusoma chini ya pV = nRT, kisha ukiendelea kuibana ikasoma juu yake. Katikati kuna mahali ambapo makosa mawili yanafutana na pV = nRT unaonekana kuwa sahihi. Naitrojeni ina tabia hiyo kwenye joto la chumbani: ukiwa bar 40 iko chini kidogo, kwenye bar 100 hivi inalingana karibu kabisa, kwenye bar 300 imezidi kwa zaidi ya sehemu 10 kwa 100. Ukipima pale kwenye bar 100 peke yake unaweza kuondoka ukiamini kwamba naitrojeni ni gesi kamilifu. Imepatia kwa bahati.

Van der Waals: marekebisho mawili, hesabu ya mkono

Mwaka 1873 Johannes Diderik van der Waals aliwasilisha tasnifu yake Leiden, Uholanzi, na humo akaweka marekebisho mawili tu, moja kwa kila uongo:

```
p = nRT / (V - nb)  -  a n² / V²
```

`b` ni nafasi isiyokalika kwa kila moli. `a` ni nguvu ya mvutano, na imezidishwa kwa n²/V² kwa sababu wanaovuta wakizidi maradufu na wanaovutwa nao wamezidi maradufu, athari inakuwa mara nne. Kwa kaboni dioksidi a ni 3.640 (lita² bar kwa moli²) na b ni 0.04267 (lita kwa moli).

Tuikokotoe hatua ya pili kwa utulivu, kwa sababu hapa ndipo mlinganyo huu unapong'ara. Gramu 1,130 ukigawa kwa 44.01 unapata moli 25.68. Lita 10 kwa moli 25.68 ni lita 0.3894 kwa kila moli. RT kwenye kelvini 313.15 ni 26.04.

Gesi kamilifu inasema 26.04 ÷ 0.3894, yaani bar 67.

Sasa toa nafasi isiyokalika: 0.3894 − 0.0427 ni 0.3467. Gawa tena, 26.04 ÷ 0.3467, unapata bar 75. Ukubwa wa molekuli peke yake umepandisha kanieneo kwa bar 8. Halafu mvutano: 3.640 ÷ 0.3894², unapata bar 24. Toa: 75 − 24 ni 51. Geji inasema 50.

Tazama uwiano wa hizo namba mbili. Ukubwa umeongeza 8, mvutano umepunguza 24. Kwenye nyuzi 40 kaboni dioksidi inatawaliwa na mvutano, na mtu anayekwambia gesi halisi hutofautiana na kamilifu kwa sababu molekuli zina ukubwa, akaishia hapo, amekupa sababu iliyo ndogo, tena inayoelekea upande usio sahihi.

Kuna mtego mmoja ambao nimeuona ukiwanasa watu kila mara, mimi nikiwemo. Vitabu vingine vinaandika a ya kaboni dioksidi kuwa 3.592 na vingine 3.640. Si makosa ya uchapaji. Ya kwanza ni kwa atmosfia, ya pili ni kwa bar. Ukiichukua a ya atmosfia ukaitumia pamoja na R ya bar (0.08314), hakuna kitakacholipuka, utapata jibu lenye kosa dogo, na dogo ni baya kuliko kubwa kwa kuwa halikustui. R ya atmosfia ni 0.08206. Hakikisha a na R zimetoka nyumba moja.

Baridi

Kanieneo linaleta molekuli karibu. Baridi haizisogezi ndani ya mtungi uliofungwa, ujazo ni uleule na idadi ni ileile. Kinachobadilika ni mwendo. Molekuli yenye kasi inapita karibu na mwenzake na kumponyoka; mvuto upo, lakini muda wa kumpindisha njia ni mfupi. Ikipungua kasi, mvuto uleule unatosha kumpinda, kisha kumshika.

Ndani ya mlinganyo wa van der Waals jambo hili linaonekana bila kuongeza chochote. Sehemu ya kwanza ina T, sehemu ya pili haina. Ukipoza, sehemu ya kwanza inashuka na ile ya kutoa inabaki palepale, na mvutano unakuwa na sauti kubwa zaidi katika jumla.

Chukua mtungi wa hatua ya pili, gramu 1,130, uhamishie kwenye maji ya barafu, nyuzi 0. Gesi kamilifu inatabiri kanieneo lishuke kwa uwiano wa halijoto tu, kutoka 67 hadi 58. Van der Waals: 22.71 ÷ 0.3467 ni 65.5, toa 24, inabaki bar 41.5. Geji yenyewe itasimama kwenye 35 hivi.

Kwenye nyuzi 40 van der Waals alikosea kwa bar 1, sasa amekosea kwa zaidi ya 6, na hatujaongeza hata gramu moja. Sababu ni kwamba ndani ya mtungi hakuna gesi peke yake tena. Kwenye nyuzi 0 mvuke wa kaboni dioksidi hauwezi kuzidi gramu 98 kwa lita. Sisi tumeweka 113 kwa lita. Ziada imekuwa kimiminika: kama gramu 170 zimetulia chini ya mtungi, chini ya robo lita, na kanieneo la bar 35 ni lile la mvuke unaokaa juu ya kimiminika chake kwenye nyuzi 0. Mlinganyo wa hali moja umeulizwa habari za vitu viwili.

Van der Waals anajua kuna kitu. Chini ya nyuzi 31 mchoro wake wa p na V unapiga mawimbi, na ukitafuta V kwa p uliyonayo unaweza kupata majibu matatu. Maxwell alionyesha mwaka 1875 namna ya kuyakata mawimbi hayo kwa mstari mlalo ili upate kanieneo la mvuke. Inawezekana, ila ni kazi, na kwa kaboni dioksidi jibu lake si zuri kiasi cha kustahili jasho hilo. Ukipata majibu matatu, ichukulie kama onyo: uko mahali ambapo huenda kuna kimiminika, nenda kwenye jedwali la mvuke.

Hizo nyuzi 31 ni halijoto ya kikomo ya kaboni dioksidi. Thomas Andrews wa Belfast ndiye aliyeichora vizuri, akatangaza mwaka 1869: juu yake, gesi haigeuki kimiminika hata uibane vipi, chini yake, inageuka ukiibana ya kutosha. Kwa mtu anayechagua mlinganyo, hii ndiyo namba ya kwanza kutafuta kwa gesi aliyonayo. Naitrojeni ni nyuzi −147, haidrojeni ni −240, heli ni −268. Ndiyo maana naitrojeni ya chumbani ni mpole na kaboni dioksidi ya chumbani ni msumbufu, ingawa zote ziko kwenye chumba kimoja. "Baridi" kwa gesi hupimwa kwa kuilinganisha na kikomo chake yenyewe. Nyuzi 20 ni joto kali kwa naitrojeni na ni baridi kwa kaboni dioksidi.

Mimi mwenyewe nilifundishwa somo hili na mtungi. Nilikuwa mgeni maabara, nikakabidhiwa mtungi wa lita 10 wa kaboni dioksidi, chumba kikiwa nyuzi 20. Geji ilisoma 57. Nikachukua kalamu, pV = nRT, nikapata kilo 1 na kidogo. Siku mbili tukaitumia, geji bado 57. Wiki nzima, 57. Nikaamini geji imekwama, nikaigonga kwa kidole kama saa mbovu. Aliyekuwa amenipokea akacheka, akanipeleka kwenye mizani: uzito wa mtungi mtupu umechongwa begani, tukatoa, zikabaki kilo 4.

Mtungi kama ule hujazwa kama kilo 6.7 na sehemu kubwa ni kimiminika. Kwenye nyuzi 20 mvuke juu ya kimiminika una bar 57, na utabaki na bar 57 kuanzia kilo 6.7 hadi kimiminika kitakapokwisha, pale zinapobaki kilo 1.9 hivi. Baada ya hapo tu ndipo geji inaanza kushuka. Kwa mtungi wa namna hii hakuna mlinganyo wa kuchagua. Chagua mizani.

Mahali van der Waals anapoangukia

Turudi kwenye nyuzi 40, mstari wa tatu. Hapa hakuna kimiminika, tuko juu ya kikomo kwa nyuzi 9. Hata hivyo van der Waals anasema 209 na geji inasema 100.

Fungua hesabu yake uone. Kila moli ina lita 0.0701. Toa b, inabaki 0.0274. Gawa: bar 950. Mvutano: 3.640 ÷ 0.0701², bar 741. Jibu lako ni tofauti ya namba mbili kubwa zinazokaribiana. Kosa la sehemu 10 kwa 100 katika mojawapo ni bar 95, karibu sawa na jibu lote sahihi. Hii ni dalili unayoweza kuiona bila kuwa na geji wala jedwali: kila ambapo sehemu ya kwanza na ya pili zimekuwa kubwa mara kadhaa kuliko tofauti yao, usiliamini jibu.

Na makosa yapo katika zote mbili. b ilifikiriwa kwa molekuli mbili zinazokutana: kituo cha moja hakiwezi kuingia ndani ya duara linaloizunguka nyingine, na ukikokotoa unapata mara nne ya ujazo wa molekuli zenyewe. Lakini zikisongamana, maduara hayo ya katazo yanapandana, na nafasi iliyopotea kwa kweli ni ndogo kuliko n mara b. Van der Waals anahesabu nafasi ileile mara mbili. Upande wa a nao, anadhani mvuto ni uleule kwenye joto lolote, ilhali molekuli za polepole hukaa karibu na wenzao muda mrefu zaidi na kuvutwa zaidi.

Peng na Robinson, mwaka 1976, walibadilisha vitu viwili. Sehemu ya kutoa wakaigawa kwa V² + 2bV − b² badala ya V², na a wakaiacha ibadilike na halijoto, kwa kutumia namba moja ya ziada ya kila gesi inayoeleza molekuli zake zimeachana kiasi gani na umbo la duara. Kwa kaboni dioksidi namba hiyo ni 0.224. Matokeo: bar 111. Bado imezidi kwa sehemu 11 kwa 100, lakini hesabu ni ya mistari sita, inaingia kwenye lahajedwali, na ukitaka ujazo badala ya kanieneo unatatua mlinganyo wa daraja la tatu kama ule wa van der Waals.

Kwa hiyo kama una kompyuta, kuna sababu yoyote ya kumtumia van der Waals? Kwa maoni yangu ipo moja: kuelewa. Namba zake mbili unaweza kuzitazama na kusema hii ni ukubwa, hii ni mvuto, kama tulivyofanya na ile 8 na ile 24. Peng-Robinson hairuhusu kusomwa hivyo, kila kitu kimechanganywa. Mwanafunzi wa mtihani atapewa van der Waals. Mwenye bomba la kupitisha gesi asimtumie. Na mwenye kaboni dioksidi karibu kabisa na kikomo, tuseme nyuzi 33 na bar 76, asitumie wowote kati ya hii mitatu. Pale kijijoto cha nyuzi moja kinabadili msongamano sana, na ni majedwali yaliyopimwa tu yanayofuata mabadiliko hayo.

Kipimo cha haraka kabla ya kuchagua

Huhitaji kukokotoa yote matatu kila mara. Kuna hesabu ya sekunde thelathini ninayoifanya kwanza:

```
kosa ≈ (b - a/RT) × p / RT
```

Kwa kaboni dioksidi kwenye nyuzi 40, a/RT ni 0.140. b toa hiyo ni −0.097. Kwa bar 10: −0.097 × 10 ÷ 26.04, ni −0.037. Yaani pV = nRT atakosea kwa kama sehemu 4 kwa 100, na jedwali letu linakubali. Alama ya kutoa inakwambia mvutano unatawala. Ingekuwa ya kujumlisha, ukubwa ungetawala.

Kwa bar 50 kipimo kinatoa −0.19, wakati kosa halisi ni −0.25. Kwa bar 100 kinatoa −0.37, halisi ni −0.73. Kipimo chenyewe kinaharibika, na hapo hakina lawama, kimeshakutahadharisha. Desturi yangu, bila kujali alama: kikiwa chini ya 0.02, pV = nRT, nisijisumbue. Kati ya hapo na 0.2, van der Waals, mradi halijoto iko juu ya kikomo. Kikizidi 0.2, au halijoto ikiwa karibu na kikomo, Peng-Robinson au jedwali. Mipaka hiyo ni yangu, anayetaka usahihi zaidi ataishusha.

Ndani ya mabano mna jambo jingine. b na a/RT zikilingana, kosa la kwanza linakuwa sifuri na gesi inajifanya kamilifu kwa masafa marefu ya kanieneo. Halijoto inayofanya hivyo huitwa halijoto ya Boyle. Ikipimwa, si kukokotolewa kwa a na b, naitrojeni inaifikia kwenye nyuzi 54 tu. Kaboni dioksidi inataka kama nyuzi 440. Haidrojeni iliipita zamani, kwenye nyuzi −163, na hiyo ndiyo inayoifanya iwe kesi tofauti.

Haidrojeni: kosa linaloelekea juu

Magari ya haidrojeni hubeba gesi yake kwenye bar 700. Chukua tangi la lita 125, nyuzi 15, bar 700, uulize lina kilo ngapi. Swali limegeuka: kanieneo unalo, unatafuta uzito.

pV = nRT unasema kilo 7.4. Tangi lina kilo 5.

Hapa hakuna mvuto wa maana. a ya haidrojeni ni 0.248, chini ya sehemu ya kumi ya ile ya kaboni dioksidi, na nyuzi 15 ni mara nane na zaidi ya halijoto yake ya kikomo ukihesabu kwa kelvini. Molekuli zinakimbia mno kushikana. Kilichobaki ni ukubwa: zinagombania nafasi, zinasukuma, na kanieneo linafika 700 kabla gesi haijaingia yote uliyotarajia. Ukikadiria umbali wa gari kwa pV = nRT umemwahidi dereva karibu nusu ya safari zaidi ya ile atakayoipata.

Mtu aliyezoea kaboni dioksidi atamkimbilia van der Waals, na hapa ndipo nilipojifunza kutomwamini kwa mazoea. Kilo 5.02 katika lita 125 zinaipa kila moli lita 0.0502. b ya haidrojeni ni 0.0266, zaidi ya nusu ya nafasi yote. 23.96 ÷ 0.0236 ni bar 1,015 hivi. Mvutano unatoa 98 tu. Linabaki bar 917. Geji ni 700. Gesi kamilifu ilikosea kwa kusema 477, van der Waals amekosea upande wa pili kwa kiasi karibu kilekile. Ni yale maduara ya katazo yanayopandana tuliyoyaona, lakini safari hii hakuna mvutano mkubwa wa kufidia kosa, liko uchi. Peng-Robinson anatoa 650, sehemu 7 kwa 100 chini.

Kwa haidrojeni ya kanieneo kubwa ushauri wangu ni kuacha milinganyo yote mitatu na kuchukua kigawe cha Z kutoka kwenye jedwali, ile namba inayoingia hivi: pV = ZnRT. Kwenye bar 700 na nyuzi 15, Z ni 1.46. Gawa 7.4 kwa 1.46, unapata kilo 5.07. Haidrojeni haina kimiminika cha kuogopa kwenye joto hilo, Z yake inapanda taratibu bila kona, na jedwali lenye safu chache linatosha kukisia namba za katikati kwa rula.